Kinaelea, kinaning'inia au kimezama: kuchagua mchoro sahihi katika maswali ya densiti

Chukua kipande cha plastiki chenye umbo la mche mstatili: urefu sentimita 5, upana sentimita 4, kimo sentimita 3. Ujazo wake ni 60 cm³. Ukikiweka kwenye mizani kinasoma gramu 54, kwa hiyo densiti yake ni 54 ÷ 60, yaani 0.9 g/cm³. Polipropilini, plastiki inayotengenezea vifuniko vingi vya chupa, iko karibu na hapo.

Sasa kuna bilauri tatu. Ya kwanza ina mafuta ya taa yenye densiti 0.8 g/cm³, ya pili maji, 1.0, na ya tatu gliserini, 1.26. Kipande kilekile kinatiwa katika kila bilauri na kuachwa mpaka kitulie. Swali linaonyesha seti nne za michoro na kuuliza ipi ni sahihi. Kwa maneno, seti hizo ziko hivi:

| Seti | Mafuta ya taa (0.8) | Maji (1.0) | Gliserini (1.26) |
|---|---|---|---|
| A | kinaning'inia, mgongo wake ukiwa chini kidogo ya uso | kinaelea, kimechomoza kidogo | kinaelea, kimechomoza zaidi |
| B | kimekaa kwenye kitako cha bilauri | kinaelea, kimechomoza kidogo | kinaelea, kimechomoza zaidi |
| C | kimekaa kwenye kitako cha bilauri | kinaelea, kimechomoza kidogo | kinaelea, kimechomoza kiasi kilekile |
| D | kinaelea, kimechomoza zaidi | kinaelea, kimechomoza kidogo | kimekaa kwenye kitako cha bilauri |

Jibu ni B. Lakini kulijua jibu la swali hili moja hakukusaidii sana. Cha maana ni kuona kila seti mbovu inakosea wapi, kwa sababu watunzi wa chemshabongo huyarudia makosa hayahaya matatu, wakibadilisha tu jina la kimiminika na umbo la kitu.

D: ulinganisho uliogeuzwa

Tuanze na iliyo rahisi kuondoa. Anayechagua D amelinganisha namba sawasawa, ila amezisoma kinyume. Mara nyingi anakumbuka kwamba mafuta hukaa juu ya maji, basi anaona kama mafuta ndiyo yanayobeba vitu. Au anafikiri gliserini ni "nzito", kwa hiyo inavuta kitu chini. Ukweli ni kwamba kimiminika chenye densiti kubwa husukuma juu kwa nguvu zaidi, maana kila sentimita ya ujazo inayohamishwa ina uzito mkubwa zaidi.

Njia ya haraka ya kuliondoa kosa hili ni kuuliza: kimiminika cha ujazo uleule na kitu kingekuwa na gramu ngapi? 60 cm³ za mafuta ya taa ni gramu 48. Kipande ni gramu 54. Kipande kimezidi, kinazama. 60 cm³ za gliserini ni gramu 75.6, kipande kimepungukiwa, kinaelea.

Jihadhari pia usichanganye densiti na uzito wa kumiminika. Gliserini ni nzito kumiminika kama asali, na kitu kinachozama ndani yake hushuka polepole. Lakini uzito huo wa kumiminika hauamui kama kitu kitazama. Unaamua tu kitachukua muda gani kufika chini. Mafuta ya kupikia humiminika kwa uzito kuliko maji, na bado densiti yake ni ndogo kuliko ya maji.

A dhidi ya B: mahali ambapo wengi hupoteza alama

Hapa ndipo pa kukaa. Seti A inavutia kwa sababu inaonekana ya haki: 0.9 imezidi 0.8 kidogo tu, basi kipande kizame kidogo tu. Ingekuwa imezidi sana kingeshuka mpaka chini. Hivyo ndivyo akili inavyojenga ngazi, kila densiti ikipewa kina chake.

Ngazi hiyo haipo. Angalia kani zinazokiathiri kipande kikiwa kimezama chote ndani ya mafuta ya taa, tukichukua uzito wa gramu 100 kuwa niutoni 1. Uzito wake ni niutoni 0.54. Msukumo wa kuelekea juu, kwa kanuni ya Akimedi, ni sawa na uzito wa mafuta yaliyohamishwa: gramu 48, yaani niutoni 0.48. Tofauti ni niutoni 0.06 kuelekea chini. Kipande kikiwa sentimita 1 chini ya uso tofauti ni 0.06. Kikiwa sentimita 10 chini, bado ni 0.06, kwa kuwa ujazo kilichohamisha haujabadilika na mafuta ya chini hayana densiti kubwa kuliko ya juu kwa kiasi cha kuhesabika. Hakuna kinachobadilika njiani, hivyo hakuna mahali pa kusimama. Kitashuka taratibu, kwa sababu 0.06 ni kani ndogo, lakini kitafika kitakoni na hapo ndipo bilauri yenyewe itakapobeba hiyo niutoni 0.06 iliyobaki.

Wapo wanaobisha kwamba shinikizo huongezeka kadiri unavyokwenda chini, na ndiyo, huongezeka. Ila huongezeka juu ya kipande na chini yake kwa pamoja. Msukumo unatokana na tofauti kati ya shinikizo la upande wa chini na la upande wa juu, na tofauti hiyo inategemea kimo cha kipande, si kina kilichofikia. Kuhusu vimiminika kushindiliwa: maji yaliyo mita 10 chini ya uso yameongezeka densiti kwa chini ya sehemu 1 kati ya 10,000. Katika bilauri jambo hilo halina nafasi.

Kosa hili hujitokeza waziwazi zaidi swali linapokuwa na vitu vingi ndani ya kimiminika kimoja. Tuseme kuna vipande vitano vya ujazo sawa, 60 cm³ kila kimoja, vyenye gramu 48, 57, 63, 72 na 90, vyote ndani ya maji. Mchoro wa mtego huvipanga kwa mstari wa mshazari kuanzia juu kushoto hadi chini kulia, na unapendeza macho. Mchoro sahihi ni mbaya kuutazama: viwili vya kwanza viko usoni, kimoja kimezama asilimia 80, kingine asilimia 95, na vitatu vilivyobaki vyote vimekaa kitakoni, bega kwa bega. Cha gramu 63 na cha gramu 90 viko mahali pamoja. Ukiona mstari wa mshazari katika machaguo, unaweza kuukata bila kukokotoa.

Je, kuna wakati kuning'inia katikati ni jibu sahihi? Kupo, mara mbili. Kwanza, densiti zikilingana kabisa. Hapo kitu hukaa popote kilipoachwa, juu, kati au chini, na swali zuri litasema "zinalingana" au litatoa namba zinazolingana. Pili, kimiminika kisipokuwa na densiti moja kutoka juu hadi chini. Mfano wa kawaida ni maji ya chumvi yaliyowekwa chini na maji yasiyo na chumvi yakamiminwa juu yake polepole bila kukorogwa. Yai bichi hushuka katika maji ya juu, linafika kwenye chumvi na kugoma kuendelea. Hapo linaning'inia kweli. Kwa hiyo, kabla ya kukata mchoro wa kuning'inia, soma maelezo uone kama kuna neno "tabaka" au "bila kukoroga".

B dhidi ya C: kimechomoza kiasi gani?

Anayechagua C ameshaelewa kuelea na kuzama. Amesahau kwamba kuelea kuna viwango, na viwango hivyo huhesabika. Kitu kinachoelea huhamisha kimiminika chenye tungamo sawa na lake, si zaidi wala pungufu. Kutokana na hilo:

sehemu iliyozama = densiti ya kitu ÷ densiti ya kimiminika

Katika maji: 0.9 ÷ 1.0 = 0.9. Kipande chenye kimo cha sentimita 3, kikiwa kimelala bapa, kimezama sentimita 2.7 na kimechomoza milimita 3. Katika gliserini: 0.9 ÷ 1.26 = 0.714. Kimezama sentimita 2.14 na kimechomoza karibu milimita 9. Mchomozo umekua mara tatu, na mchoro uliochorwa kwa uangalifu utaonyesha tofauti hiyo hata bila rula.

Swali likiwa na michoro miwili ambayo yote inaelea, usitazame sehemu iliyozama, tazama iliyochomoza. Kutoka 0.9 hadi 0.714 jicho halioni haraka, lakini kutoka milimita 3 hadi 9 linaona.

Kanuni hii inageuzwa pia. Unapewa michoro ya kitu kilekile katika vimiminika vitatu visivyotajwa, kisha unaulizwa kipi kina densiti kubwa zaidi. Kinachokifanya kitu kichomoze zaidi ndicho. Haidromita, kifaa cha kupimia densiti ya vimiminika, hufanya kazi hivyohivyo, ndiyo maana namba zake ndogo ziko juu ya shingo na kubwa ziko chini, jambo ambalo huwakanganya wengi wanapokutana na mchoro wake kwa mara ya kwanza.

Kuna mtego mmoja wa kani unaokaa hapahapa. Swali linauliza: msukumo wa juu ni mkubwa zaidi kwenye maji au kwenye gliserini? Machaguo ni "maji", "gliserini", "sawa", "haiwezekani kujua". Wengi hukimbilia gliserini. Lakini kipande kinaelea katika zote mbili, kimetulia, na uzito wake ni niutoni 0.54 kokote kilipo. Basi msukumo ni niutoni 0.54 katika maji na 0.54 katika gliserini. Ni sawa. Kilichobadilika ni ujazo unaohitajika kuupata msukumo huo. Kwenye mafuta ya taa tu ndiko msukumo ni mdogo, 0.48, kwa sababu kipande kimemaliza ujazo wake wote na bado hakijafikia uzito wake.

Na ukumbuke kwamba hesabu ya sehemu iliyozama ni ya ujazo, si ya kimo. Kwa mche uliolala bapa hivyo viwili vinaenda pamoja, ndiyo maana maswali mengi hutumia miche. Kwa mpira mambo hubadilika. Mpira wenye densiti 0.5 huelea majini ukiwa umezama nusu kamili ya kipenyo chake, hapo huna shida. Ila wenye densiti 0.75 hauzami robo tatu ya kipenyo. Huzama karibu asilimia 67 ya kipenyo, kwa kuwa tumbo la mpira lina ujazo mwingi kuliko kichwa chake. Mtunzi akiweka michoro ya 67 na ya 75 pamoja, ujue amekusudia.

Vimiminika viwili katika bilauri moja

Hapa ni swali moja ninaloliona bora kuliko mengine yote ya aina hii, maana haliwezi kujibiwa kwa kukariri. Kipande chetu kinaelea kwenye maji, kimezama sentimita 2.7. Kisha mafuta ya taa yanamiminwa polepole juu ya maji mpaka yakifunike kipande chote. Je, kipande kikilinganishwa na mpaka wa maji na mafuta kitapanda, kitashuka, au kitabaki palepale?

"Kitashuka" ndilo jibu linalochaguliwa na anayefikiri mafuta yanakikandamiza kutoka juu. "Kitabaki" ni la anayefikiri mafuta hayakihusu kipande kwa kuwa hayawezi kukibeba. Kokotoa uone. Kwa kuwa eneo la chini la mche ni lilelile, tunaweza kutumia kimo badala ya ujazo. Sentimita x ziko ndani ya maji, na zilizobaki, 3 − x, ziko ndani ya mafuta. Vimiminika vyote viwili vinahamishwa, na jumla yake lazima ilingane na kipande:

1.0 × x + 0.8 × (3 − x) = 0.9 × 3

0.2x = 0.3

x = 1.5

Kipande kimepanda. Mwanzo kilikuwa na sentimita 2.7 ndani ya maji, sasa kina 1.5. Mafuta ya taa, ambayo peke yake hayakuweza kukibeba kipande hiki, yamekiinua kwa sentimita 1.2.

Sababu iko kwenye uso wa maji unaokizunguka kipande. Mafuta yanakandamiza mgongo wa kipande, ndiyo, lakini yanaukandamiza na uso wa maji pembeni, tena kwa nguzo ndefu zaidi, kwa kuwa uso huo uko chini ya mgongo wa kipande. Shinikizo hilo hupitia kwenye maji na kutokea chini ya kipande likisukuma juu. Linaloongezeka chini limezidi linaloongezeka juu, na kipande kinainuka hadi mizani irudi.

Ukitaka kulihakiki jibu lako kwa hatua, chukua mafuta ya sentimita 1 tu, yasiyotosha kukifunika. Sehemu iliyo ndani ya maji ni 2.7 − 0.8 × 1 = 1.9. Ongeza sentimita 1 iliyo ndani ya mafuta, unapata 2.9, na milimita 1 bado iko hewani. Mafuta yakifika sentimita 1.5, kipande kimefunikwa sawasawa, na kuanzia hapo kuongeza mafuta hakukisogezi tena hata kidogo. Kwa hiyo mchoro wenye mafuta ya sentimita 2 na wenye mafuta ya sentimita 6 juu ya maji unapaswa kuonyesha kipande kikiwa palepale kwenye mpaka, nusu huku nusu kule. Michoro inayokionyesha kikiwa kimeshuka zaidi kwa sababu mafuta ni mengi ni ya kukatwa.

Nusu kwa nusu imetokea kwa sababu 0.9 iko katikati kabisa ya 0.8 na 1.0. Kipande cha 0.95 kingekuwa na robo tatu ndani ya maji, cha 0.85 robo moja. Unaweza kusoma jibu moja kwa moja: tazama densiti ya kitu imesogea sehemu gani ya umbali kutoka densiti ya kimiminika cha juu hadi ya kimiminika cha chini, sehemu hiyo ndiyo iliyo kwenye kimiminika cha chini.

Kabla ya kugusa jibu: vizio na namba zinazokaribiana

Angalia vizio. Swali linaweza kutoa densiti ya kitu kuwa 900 kg/m³ na ya kimiminika kuwa 1.26 g/cm³, na mtu mwenye haraka akaona 900 imeizidi 1.26 akachagua kitakoni. 1 g/cm³ ni 1000 kg/m³. Badilisha moja kabla ya kulinganisha.

Angalia pia kama kitu ni kigumu chote au kina uwazi. Chuma kina densiti ya karibu 7.9, kwa hiyo huzama ndani ya maji. Bakuli la chuma huelea kwa kuwa densiti inayolinganishwa ni ya chuma pamoja na hewa iliyomo ndani ya bakuli. Na usiweke akilini kwamba chuma "huzama": katika zebaki, yenye densiti 13.6, chuma kigumu huelea kikiwa kimezama asilimia 58 tu. Dhahabu, 19.3, ndiyo inayozama humo.

Mwisho, barafu ndani ya mafuta ya kupikia. Barafu ni 0.917. Mafuta mengi ya mimea yako kati ya 0.91 na 0.93, hivyo barafu ileile inaweza kuzama katika aina moja ya mafuta na kuelea katika nyingine, ikiwa imezama karibu yote. Swali lisipotoa namba ya mafuta hayo, michoro yote miwili inaweza kuwa kweli, na huwezi kuchagua ila kwa kubahatisha. Likitoa namba, fuata namba hiyo hata kama uliona tofauti ulipojaribu jikoni. Barafu ndani ya ethanoli haina utata huo: 0.917 dhidi ya 0.789, inakwenda moja kwa moja hadi kitakoni, na mchoro unaoonyesha vipande vya barafu vikielea juu ya ethanoli tupu umekosewa.